Sauti ya Chupa ya Mokaya

Nani huyu, akiwa na njaa ananguruma kama fahali, akishiba analia kama kifaranga?

Wajukuu wangu hujibu kwamba ni mbwa. Mmoja husema ni baba yake mwisho wa mwezi, na wenzake wanacheka mpaka wanaangukiana. Wakishindwa nawadai mji, wananipa Kisumu, nakaa huko mpaka nichoke, ndipo nawaambia kwamba ni chupa. Ipulize mdomoni ikiwa tupu, itatoa sauti nzito. Itie maji uipulize tena, sauti itapanda. Ongeza maji, itapanda zaidi. Hicho kitendawili nilikitunga mwenyewe na kinawafurahisha watoto, lakini siku nilipokitunga hakuna aliyekuwa anacheka.

Wakati huo tulikuwa tunakaa kwenye shamba la chai upande wa Mogogosiek, huko Konoin, mimi na mume wangu, baba Bogonko, katika zile nyumba za kampuni zilizojengwa kwa mistari, tunaziita laini. Mlango wangu ulitazamana na mlango wa Nyanchoka. Yeye na mimi tulichuma chai mstari mmoja, tulikuwa watu wa Kisii tuliokuja kutafuta kazi, na tukipika kitu kizuri tunapelekeana bakuli. Mume wake, Mokaya, alifanya kazi kiwandani, juu kule, pamoja na mume wangu.

Wanaume wa kiwandani walikuwa na mtindo wao. Kila mmoja alibeba chai kwenye chupa, kizibo chake gunzi la mahindi. Zamu ikiisha wanateremka kwa njia ya kati ya chai, na huko Konoin mara nyingi ukungu umeshuka, huoni mtu hata akiwa karibu. Basi walikuwa wanapuliza chupa zao. Mke akisikia ya mume wake anaweka maji ya ugali motoni, ili mtu asifike nyumbani akaanza kutazama sufuria tupu. Kila chupa ilikuwa na sauti yake, na kila mwanamke alijua yake. Ya baba Bogonko ilikuwa kama mtu anayekoroma. Nilimwambia hivyo akanuna.

Mokaya alikuwa na chupa ya mraba, kioo kizito cha kijani, aliyouziwa na mpishi wa nyumba ya meneja. Hakuna mwingine aliyekuwa na chupa kama hiyo. Nyanchoka aliishonea koti la gunia, likaibana vizuri kila upande ili chai isipoe. Ile chupa ikilia kwenye ukungu, Nyanchoka alikuwa anaacha maneno katikati na kuingia ndani kuchochea moto. Wengine wakipuliza hageuki hata shingo.

Mokaya alikufa kwa homa ya mapafu, wakati wa baridi, kabla ya Nyanchoka kuelewa kwamba ni ugonjwa mkubwa. Tulimzika kwao. Nyanchoka aliporudi kuchukua vyombo, nyapara Kiptanui alikuja akasimama mlangoni bila kuketi, akaeleza kwamba nyumba imepewa mfanyakazi mwingine, na kwamba yeye mwenyewe hakupenda kuja kusema hivyo. Nafikiri ni kweli hakupenda. Tukahamisha vitu vya Nyanchoka kwangu, akae jikoni na mtoto wao Phelis mpaka lori la Kebaso lipatikane, lile lililokuwa linapeleka mizigo Kisii.

Katika kuhamisha ndipo chupa ilipovunjika. Ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi, blanketi likafunguka, chupa ikagonga jiwe la mlangoni. Kuna mtu alikwisha kufagia na kutupa vipande shimoni kabla hatujajua. Kilichobaki ni shingo nzima pamoja na mabega yake, na lile koti la gunia.

Nyanchoka hakulia. Aliketi na ile shingo mkononi, akaweka mdomo akapuliza, ikatoka hewa tu, fuu, kama mtu anayepoza uji. Usiku aliniambia kwamba tangu mazishi, kila jioni, alikuwa anaipuliza mara moja tu, polepole, wanaume wakiwa hawajashuka, halafu anaifunika. Sikuwa nimejua. Akasema:

“Uso wake umeanza kunipotea, Mama Bogonko. Sauti nilikuwa nayo. Nikipoteza na hiyo, nitakuwa nimebaki na nini?”

Asubuhi nilimkumbuka Mwalimu Kepher.

Kepher alikuwa kijana wa kutoka ziwani, akifundisha sayansi kwenye shule ya harambee kando ya barabara. Shule yenyewe haikuwa na vifaa, ilikuwa na mabati na madirisha bila vioo. Kwa hiyo alifundisha kwa vitu vya kuokota. Watoto walisema aliwafundisha mambo ya sauti kwa chupa za soda, akizijaza maji kwa vipimo mpaka zikaimba wimbo. Kemuma, jirani yetu mwingine, alikuwa anamtania akipita: “Mwalimu, ndiyo Fizikia hiyo tunayochangia, kupuliza chupa?” Naye anamjibu kwamba bado hajafika kwenye somo la masufuria.

Nilimwendea nikamweleza. Alisikiliza, akauliza kama shingo haikumeguka. Nilipomwambia ni nzima, uso wake ulipata mwanga, akasema basi inawezekana. Neno hilo nililibeba nyumbani kama mtu aliyebeba moto kwenye kigae. Laiti ningelimwaga njiani.

Alikuja Jumamosi, mvua ya mchana ikiwa imeanza, na rula, penseli, na gilasi refu lake mwenyewe, lenye mistari, la kupimia maji. Alikuwa na chupa moja pia, ya maji ya matunda, aliyoipata kwa Onyancha mwenye hoteli. Nyanchoka akaitazama akasema wazi kwamba hiyo si ya mraba. Mwalimu akasema umbo halina neno. Tumbo likiwa la mraba, likiwa la mviringo, chupa haijali, inajali ni hewa kiasi gani imo ndani. Kisha akatueleza, na alieleza vizuri, maana mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa na mpaka leo sijasahau.

Alisema hewa iliyo kwenye shingo ya chupa ni kama kizibo. Hewa iliyo tumboni ni kama springi ya kitanda. Ukipuliza juu ya mdomo, kile kizibo cha hewa kinasukumwa ndani, hewa ya tumboni inabanwa, inakirudisha nje, kinapitiliza, kinavutwa tena ndani, hivyo hivyo, haraka sana kuliko jicho. Kule kuingia na kutoka ndiko sauti. Kikienda haraka, sauti ni nyembamba. Kikienda polepole, sauti ni nzito.

“Sasa mambo ni matatu,” akasema. “Shingo ikiwa ndefu, kizibo ni kizito, kinakwenda polepole. Tumbo likiwa kubwa, springi ni legevu, polepole tena. Lakini mdomo ukiwa mpana, kinakwenda haraka.”

Nilimuuliza mbona, kwani mdomo ukiwa mpana si kizibo nacho kinanenepa? Akacheka akasema hilo swali hata wanafunzi wake hawakuuliza. Kizibo kinanenepa, ndiyo, lakini nguvu inayokirudisha inaongezeka kuliko ule unene. Kwa hiyo haraka inashinda.

Kemuma, ambaye alikuwa ameingia kujikinga mvua na kuona mambo, akasema basi ndiyo maana mama mkwe wake mwenye shingo fupi na mdomo mpana ana sauti kama filimbi. Hata Nyanchoka alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na niliona, na nikamshukuru Mungu mapema mno.

Mwalimu alipima shingo ya ile chupa iliyovunjika. Alipima urefu kwa rula, akaongeza kidogo, akisema hewa iliyo nje kidogo ya mdomo nayo huenda pamoja na kizibo, kwa hiyo shingo ya hewa ni ndefu kuliko shingo ya kioo. Alipima upana wa tundu kwa ndani. Ikabaki tumbo, na tumbo lilikuwa shimoni kwa vipande. Akakuna kichwa. Ni Nyanchoka mwenyewe aliyechukua koti la gunia akaliweka mbele yake. Mwalimu akalishika akalizungusha, akaniomba wimbi, ule ulezi wa uji.

Tukashindilia wimbi ndani ya koti mpaka likasimama mraba, kona zote nne zimejitokeza. Jamani, ilikuwa kama chupa imefufuka. Phelis, ambaye alikuwa hajaanza shule bado, akaigusa kona moja akarudisha mkono haraka. Kisha mwalimu akamimina lile wimbi kidogo kidogo kwenye gilasi la mistari, akahesabu, akatoa sehemu kwa ajili ya unene wa kioo. Akapiga hesabu juu ya kipande cha gazeti. Akasema chupa ya Onyancha ina shingo ndefu kidogo na tumbo kubwa, kwa hiyo ikiwa tupu sauti yake ni nzito kuliko ya Mokaya. Shingo hatuwezi kuikata. Tumbo tunaweza kulipunguza, kwa maji. Maji yakichukua nafasi, hewa inabaki kidogo, springi inakaza, sauti inapanda mpaka zilingane. Alitia maji, akatazama hesabu yake, akatia tone tone, akafuta mdomo wa chupa.

Nyanchoka alifumba macho. Nje mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu kwenye bati. Mwalimu akapuliza.

Ilikuwa sauti ya chini, nzuri, iliyojaa chumba. Mimi nywele zilinisimama. Nilikuwa tayari kusema ndiyo.

Nyanchoka akatikisa kichwa. Akasema hiyo si yenyewe, hiyo ni ya mtu mwingine.

Mwalimu akapuliza tena. Akatikisa tena kichwa, akasema iko chini sana. Mwalimu akarudia hesabu yake toka mwanzo, midomo inacheza kama anayesali, hakupata kosa. Akasema kwa upole kwamba kwa kipimo cha ile shingo na lile koti, chupa ya marehemu ikiwa tupu ilitoa sauti hii, au iliyo karibu nayo sana.

Ndipo Phelis akasema, “Lakini haikuwa tupu.”

Tukamgeukia wote. Akasema baba alikuwa anamwachia chai. Kila jioni alimkimbilia njiani, baba anatoa gunzi, anampa chupa, anakunywa iliyobaki, imepoa na ina sukari nyingi chini. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza mahali kuku wanapolala. Sisi watu wazima tulikuwa tunajua jambo hilo, laini nzima ilijua, na hakuna aliyelifikiria. Hata Nyanchoka, alipoipuliza zile jioni baada ya mazishi, alikuwa ameitia chai ya mtoto kwanza, kwa mazoea tu. Mokaya alipuliza kabla ya mtoto kunywa. Chai ya Phelis ilikuwa humo ndani, imechukua nafasi yake, imebana ile springi.

Mwalimu alichangamka. Alisema hiyo ndiyo sababu, iwe maji au chai ni mamoja, kilichokosekana ni kipimo cha chai tu. Akachukua kikombe cha bati akamchutamia mtoto, akamwomba aonyeshe baba alikuwa anaacha kiasi gani.

Phelis aliweka kidole katikati ya kikombe. Akafikiri. Akakipandisha mpaka karibu na ukingo. Kisha akakishusha chini kabisa.

“Siku nyingine hapa. Siku nyingine hapa. Kazi ikiwa nyingi ananiachia kidogo, ananiambia nisinune.”

Niliona uso wa mwalimu. Alikuwa amekwisha kuelewa, na alitafuta mahali pa kuweka macho. Mimi nilichelewa kidogo. Nyanchoka ndiye aliyesema.

“Kwa hiyo haikuwa sauti moja.”

Mwalimu akasema, na namheshimu kwa kutosema uongo, ingawa siku hiyo ningependa aseme, kwamba ingekuwa inapanda na kushuka kidogo siku kwa siku, kwa kadiri ya chai. Akasema pia, kama mtu anayetafuta kuomba radhi, kwamba hata mdomo wa mpulizaji hufunika sehemu ya tundu, na tundu likifunikwa sauti hushuka. Kwa hiyo mdomo wa Mokaya nao ulikuwa ndani ya ile sauti, na mdomo huo hawezi kuupima.

“Ilikuwa moja,” akasema Nyanchoka. “Mimi nilikuwa naijua. Tia maji.”

Mwalimu akatia. Akapuliza. Akaambiwa aongeze. Akapuliza. Karibu, akasema Nyanchoka, karibu, ongeza. Akaongeza. Akasema imepita, punguza. Mwalimu akamwaga kidogo kwenye kikombe, akapuliza. Nyanchoka akainua mkono juu, akasema ndiyo hiyo, ndiyo hiyo kabisa, na tukavuta pumzi. Akaomba airudie. Alipoirudia akasema hapana, ilikuwa juu kidogo. Mwalimu akatia tena. Kemuma aliondoka bila kuaga, utani umemwishia. Mimi niliketi na kutazama yale maji yakipanda na kushuka ndani ya chupa ya Onyancha, na hapo ndipo kile kitendawili kilipojitunga kichwani mwangu, sijui kwa nini, kichwa cha mtu hakina adabu.

Ilikwenda hivyo muda mrefu. Mara ni hii, mara si hii. Uso wa Nyanchoka ulikuwa umeanza mchana ukiwa na uhakika, nao ukawa unabadilika, kama mtu aliyeingia shambani kwake jioni akakuta mistari yote ya chai inafanana. Mwishowe mwalimu alipuliza na Nyanchoka akabaki amefumba macho tu. Akapuliza tena.

“Mama Phelis,” mwalimu akamwita taratibu, “hii vipi?”

Alifumbua macho akamtazama.

“Sijui,” akasema. “Nilikuwa nayo moja. Sasa ninazo nyingi.”

Mwalimu aliweka chupa chini polepole sana. Alisema labda wapumzike, masikio huchoka, kesho akili ikitulia itarudi. Alisema maneno mengi mazuri. Nyanchoka akamshukuru kwa heshima, akamwambia amejisumbua na mvua hii. Akaniomba nimpe mwalimu chai, nikampa, naye akaiacha nusu.

Haikurudi kesho yake. Alipoamka nilimuuliza kwa macho tu, akatikisa kichwa. Ile shingo ya kijani aliifunga kwenye koti la gunia pamoja na wimbi kidogo lililobaki humo, hakuipuliza. Mwalimu Kepher hakupita tena kwa njia yetu, alizunguka kwa juu. Sikumlaumu. Alichosema chote kilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyemwita.

Lori la Kebaso lilikuja Jumatatu, limechelewa, jioni imeingia. Tulikuwa kando ya barabara na vitu vya Nyanchoka, kitanda, sufuria, debe, na kuku wawili wamefungwa miguu. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye chai. Turnboi, yule msaidizi wa lori, anapakia, Kebaso anamhimiza kwamba hataki kukutwa na giza njiani Chepilat.

Kiwandani zamu ikaisha. Wanaume wakaanza kushuka, hatuwaoni. Chupa ya kwanza ikalia.

Nyanchoka akageuka. Alikuwa ameshika debe, akaliweka chini, akanyoosha shingo kuelekea kwenye ukungu. Nilifikiri ameona kitu. Kisha ikalia ya pili, tofauti kabisa na ile ya kwanza, nyembamba, naye akageukia hiyo. Ikalia nyingine, akapiga hatua mbili kwenye njia. Huyu mwanamke ambaye chupa za watu wengine hazikuwahi kumgeuza shingo.

Ikalia ile inayokoroma. Akawa anaielekea.

Phelis akamshika nguo. “Mama, huyo ni baba Bogonko.”

Alisimama. Alirudi akaketi juu ya kitanda kilichosubiri kupakiwa, mikono mapajani, na kila iliyolia aliinua kichwa, kila iliyolia, mpaka ukungu mzima ukawa umejaa waume wa watu. Kisha akanitazama, na macho yake yalikuwa ya zamani kabisa, macho ya jioni za kawaida za laini yetu, Mokaya akiwa njiani.

“Mama Bogonko,” akaniambia, “weka maji ya ugali.”

Nikamwambia nimekwisha kuweka.